Mstari wa Saba: Namna ya Kupanga Tafsiri Bega kwa Bega na Ukurasa Uliopigwa Picha

Wanachuo wenzangu, wengi wetu tukipewa kazi ya kutafsiri tunasoma matini, tunafungua kamusi, tunaandika aya moja ndefu inayosomeka vizuri, basi tunakusanya. Mimi pia nilikuwa hivyo hivyo. Likizo iliyopita nilikutana na tafsiri ya namna hiyo iliyotengenezwa na jamaa mmoja wa familia yetu, imepigwa taipu, safi kabisa, haina kosa la nukta wala mkato. Na kwa sababu yake, pande mbili za ukoo zimekaa miaka mingi bila kuzikana vizuri.

Tafsiri hiyo ni ya barua. Ilitoka Mombasa ikaja Tanga, kwa baba yake bibi yangu mzaa mama. Imeandikwa Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, na chini ina tarehe 12 Rajabu 1348, yaani Desemba 1929. Ni wiki chache tu kabla ile Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki haijaanza kazi, Januari 1930, ya kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Mwandishi wa barua hakuwa na habari na usanifu wowote. Aliandika Kimvita chake, na mwanzoni akaweka salamu za Kiarabu kama walivyozoea watu wa pwani. Kwa hiyo ukitaka mtu wa leo aielewe, kuna kazi mbili: kwanza kuitoa kwenye hati ya Kiarabu kuiweka kwenye hati ya Kilatini, kisha kuitafsiri kwa Kiswahili sanifu.

Yule jamaa alizifanya kazi zote mbili kwa mkupuo mmoja, akaandika aya. Ndani ya aya hiyo mna sentensi isemayo kwamba ndugu yao wa tatu "alikomba fedha zote". Hiyo sentensi ndiyo iliyokaa kifuani kwa watu. Mimi nilitaka kujua jambo moja tu: maneno hayo yako mstari wa ngapi? Aya haikuweza kunijibu. Ndipo nikaamua kuifanya upya, mstari kwa mstari, katika safu mbili zinazotazamana. Nitaeleza nilivyofanya, na makosa niliyofanya, ili nawe ukiletewa karatasi ya zamani usianzie gizani.

Picha kwanza

Karatasi yenyewe sikutaka kuishikashika, kwani ilikuwa imekunjwa mara tatu na kwenye mkunjo mmoja imetoboka. Niliilaza mezani karibu na dirisha, asubuhi, bila kuwasha mwanga wa simu. Mwanga wa simu hupiga katikati ya karatasi, wino ukang'aa na maneno yakapotea. Mwanga wa dirisha unatoka ubavuni, na huo unafaa zaidi, kwa sababu hata pale wino ulipofifia, alama ya kalamu hutupa kivuli kidogo.

Simu lazima iwe sambamba na karatasi. Njia rahisi ya kujua ni kutazama kingo: kingo nne za karatasi zikienda sawa na kingo za kioo cha simu, uko sawa. Ukiinamisha simu, karatasi inakuwa pana chini na nyembamba juu, mistari inapanda upande mmoja, na baadaye utahesabu vibaya. Nilipiga picha tano: ukurasa mzima, nusu ya juu, nusu ya chini, ule mkunjo peke yake, na mgongo wa karatasi. Mgongo usiusahau, maana wino wakati mwingine huvuja na kuonekana nyuma mahali ambapo mbele umefutika.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hapa. Nilitumia programu ya simu inayogeuza picha ya karatasi kuwa nyeusi na nyeupe ili ipendeze. Ikapendeza kweli. Lakini hati ya Kiarabu inaishi kwa nukta. Nukta moja chini ni be, nukta mbili chini ni ye, nukta mbili juu ni te, nukta moja juu ni nuni. Programu iliziona nukta zilizofifia kuwa ni uchafu, ikazisafisha. Nikarudia picha zote kwa kamera ya kawaida, na rangi zake. Kipimo ninachotumia sasa ni hiki: kuza picha mpaka neno moja lijaze kioo. Kama huwezi kuzihesabu nukta zake, piga tena.

Kuhesabu mistari

Kabla hujasoma hata neno moja, hesabu mistari na uipe namba. Niliichapisha picha, nikaandika namba pembeni kwa penseli. Mara ya kwanza nilipata mistari 15. Mara ya pili nikapata 14. Kumbe waandishi wa zamani wakifika mwisho wa mstari na nafasi imewaishia, neno la mwisho hulipandisha juu ya wenzake, kama abiria anayekalia mapajani. Mimi nililihesabu hilo neno lililopandishwa kuwa ni mstari mpya.

Tena barua iliendelea pembeni. Karatasi ilipojaa, mwandishi aliigeuza akaandika mistari mitatu midogo kwenye ukingo. Hiyo sikuiita 15, 16 na 17, kwani haifuati chini ya 14. Niliiita P1, P2 na P3, yaani pembeni. Mtu mwingine akiishika picha ile ile na kuambiwa "tazama P2", anajua aangalie wapi.

Namba hizi ndizo anwani. Kuanzia hapo hakuna kusema "pale katikati anaposema habari za minazi". Ni mstari wa 5, basi.

Jedwali, siyo nafasi

Sasa unafungua kompyuta. Kosa la pili: nilianza kupanga safu mbili kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mpaka maneno yasimame pembeni. Kwenye kompyuta yangu yalikaa kama askari. Nikamtumia rafiki yangu, akafungua kwenye simu, maneno yote yakamwagika. Herufi zikibadilika ukubwa kidogo tu, nafasi zote zinahama.

Halafu nikajaribu ile `Columns` ya Word. Hiyo nayo haifai kwa kazi hii. Imetengenezwa kwa ajili ya magazeti: maneno yanajaza safu ya kushoto mpaka chini, ndipo yanahamia safu ya kulia. Ukiongeza neno moja kushoto, tafsiri yote ya kulia inasukumwa, na hakuna kinachotazamana na mwenzake.

Kinachofaa ni jedwali. Kila mstari wa barua unapata mlalo wake mmoja wenye visanduku vitatu: namba, mstari wa asili, tafsiri. Kwenye karatasi ya A4 yenye pambizo za sentimita 2.5 kila upande unabakiwa na sentimita 16, nami nikaipa namba 1, na kila safu 7.5. Safu mbili zilingane upana, ili hakuna upande unaoonekana kuwa ndio mkubwa. Maneno yaanze juu ya kisanduku na upande wa kushoto, yasinyooshwe pande zote mbili, kwa sababu kunyoosha kunaleta mapengo ya uongo katikati ya maneno, na katika kazi hii pengo lina maana yake.

Kisha mambo mawili madogo. Kwenye `Table Properties`, sehemu ya `Row`, ondoa tiki kwenye `Allow row to break across pages`, ili mlalo usikatike nusu huku nusu kule. Na mlalo wa vichwa uwekee `Repeat Header Rows`, ili ukurasa wa pili nao uonyeshe safu ipi ni ipi. Ukimaliza, hifadhi kwa PDF kabla ya kumtumia mtu.

Picha yenyewe niliiweka ukurasa wa kushoto, nzima, na namba zake pembeni. Jedwali likawa ukurasa wa kulia. Ukifungua, unaona vyote vitatu kwa pamoja: mkono wa mwandishi, usomaji wangu, na tafsiri yangu.

Alama tatu tu

Nilijiwekea alama tatu na kuziandika juu ya jedwali. Mabano ya mraba ni herufi ambazo karatasi imezipoteza nami nimezikisia. Mabano ya mraba yenye vistari ndani, [---], ni mahali palipopotea ambapo siwezi kukisia. Alama ya kuuliza kwenye mabano, (?), ni neno ninaloliona vizuri lakini linasomeka kwa njia zaidi ya moja.

Kuna kanuni moja inayoambatana na alama hizi: shaka iliyoko kwenye safu ya asili lazima ivuke kwenda kwenye safu ya tafsiri. Ukiweka (?) kushoto halafu kulia ukaandika kwa uhakika, umemdanganya msomaji, kwa maana wengi watasoma kulia tu.

Mpaka wa mstari na mpangilio wa maneno

Watu huuliza: je, kama sentensi imekatika katikati ya mistari miwili? Jibu ni kuiacha ikatike. Mlalo wa tafsiri unaruhusiwa kuning'inia. Msomaji ataumaliza kwenye mlalo unaofuata.

Tatizo huja pale lugha mbili zinapopanga maneno tofauti. Mstari wa 1 wa barua hii unaishia na neno la Kiarabu *sallamahu*, na wa 2 unaanza na *Allahu taala*. Kawaida tungesema "Mwenyezi Mungu aliyetukuka amsalimishe", na hapo mwenye kutenda anakaa mbele. Lakini ukisema hivyo, jina la Mungu linaruka kutoka mstari wa 2 kwenda wa 1, na kitenzi kinarudi wa 2. Mtu akitafuta kwenye picha hatakuta. Bahati nzuri Kiswahili hakitukatazi kuanza na kitenzi, kwa hiyo niliandika "amsalimishe" mwisho wa mlalo wa 1, na "Mwenyezi Mungu aliyetukuka" mwanzo wa mlalo wa 2. Kila neno likabaki kwao.

Ikishindikana kabisa, unganisha milalo miwili iwe mmoja, uiandike 3–4, na ndani ya safu ya asili uweke mkwaju kuonyesha mstari ulipokatika. Usiunganishe mitatu. Ukiona unahitaji mitatu, basi umeanza kuandika aya tena.

Milalo minane ya katikati

Hii hapa sehemu ya jedwali langu. Majina ya watu hayamo katika mistari hii, na kwingine nimeyaficha kwa ombi la familia.

| Na. | Mstari wa asili | Tafsiri |
|---|---|---|
| 5 | Na khabari ya minazi arubaini ilioko yuu ya ndia | Na habari ya minazi arobaini iliyoko juu ya njia |
| 6 | ya Kisauni, ndugu yetu mwaka uliopita alikuwa hawezi, | ya Kisauni, ndugu yetu mwaka uliopita alikuwa mgonjwa, |
| 7 | na mkewe hawezi, akakopa (?) fedha | na mkewe mgonjwa, akakopa (?) fedha |
| 8 | zote [---]gi sitini. Nawe usisikize maneno | zote [---]gi sitini. Nawe usisikilize maneno |
| 9 | ya watu wa ndiani wasemao kwamba shamba limepotea, | ya watu wa njiani wasemao kwamba shamba limepotea, |
| 10 | hukuwapo ukaona kwa mato yako. Na mbata za mwaka | hukuwapo ukaona kwa macho yako. Na mbata za mwaka |
| 11 | huu nimeziuza, nimelipa nusu ya deni, na iliosalia | huu nimeziuza, nimelipa nusu ya deni, na iliyosalia |
| 12 | talipa mwezi wa Ramadhani inshallah. | nitalipa mwezi wa Ramadhani inshallah. |

Mengine ni mepesi. *Ndia* ni njia, *mato* ni macho, *yuu* ni juu. *Talipa* ya mstari wa 12 ni "nitalipa". Mvita huweza kuiacha ile ni ya mwanzo, na asiyejua atadhani ni "atalipa" iliyoliwa herufi. *Hawezi* ya mstari wa 6 ni mtego, kwa sababu neno lenyewe bado tunalo. Leo tukisikia "hawezi" tunangoja tuambiwe hawezi nini. Zamani ilitosha: hawezi, yaani anaumwa. Yule jamaa wa kwanza aliandika "alikuwa hana uwezo", ndugu akaonekana fukara mwenye tamaa badala ya mgonjwa mwenye mke mgonjwa. Maneno yanayofanana katika safu zote mbili ndiyo ya kukaguliwa mara mbili.

Sasa mstari wa 7.

Neno moja, njia tatu

Kwenye picha, neno hilo lina alifu ya mwanzo, kafu, kafu tena yenye dhuma juu yake, halafu be yenye fataha. Ukisoma herufi kwa herufi unapata *akakuba*, neno ambalo Kiswahili hakina. Kwa nini? Kwa sababu hati ya Kiarabu, kwa mazoea ya zamani, haikuwa na vazi la kila sauti yetu. Herufi be ilibeba b, ikabeba p, na waandishi wengi waliitumia hata kwa mb bila kuandika mimu. Dhuma ilibeba u na o pia. Ndiyo maana mtu na mto vinaweza kuandikwa sawasawa.

Kwa hiyo neno lile lile linaweza kuwa *akakomba*, yaani alizichukua zote akazimaliza. Linaweza kuwa *akakopa*. Yule jamaa wa kwanza alichagua komba, na hapakuwa na mahali katika aya yake pa kuonyesha kwamba alichagua.

Nitajuaje ipi? Hapa ndipo safu zilipolipa. Nilishuka na safu ya asili kutoka juu hadi chini nikitafuta jambo moja: mwandishi huyu anapotaka mb au nd, anaandika mimu na nuni, au anaziacha? Mstari wa 5, *ndia*: nuni ipo. Mstari wa 6, *ndugu*: ipo. Mstari wa 9, *ndiani*: ipo, *kwamba* na *shamba*: mimu ipo kote kuwili. Mstari wa 10, *mbata*: ipo. Mahali sita, na hakuacha hata pamoja. Na anapotaka p, anafanyaje? *Limepotea*, *hukuwapo*, *nimelipa*, *talipa*: zote ameandika be peke yake.

Basi be iliyoko mstari wa 7, ambayo haina mimu, haielekei kuwa mb. Ni p. Komba imeanguka.

Angalia pia mpaka wa mstari. *Fedha* iko mwisho wa 7, *zote* iko mwanzo wa 8, na mara tu baada ya *zote* kuna tundu la mkunjo. Baada ya tundu inaonekana *gi*, kisha *sitini*. Mimi nadhani palikuwa na *shilingi sitini*, na *zote* inamaanisha "jumla". Aya ya zamani iliruka tundu kimya kimya, ikaunganisha "fedha zote" na kuweka nukta. Ukiwa na mlalo wa 8 mbele yako huwezi kuruka, kwa sababu tundu limekaa pale katikati ya mlalo linakutazama. Hata hivyo sikuandika [shilin]gi kwenye jedwali. Upana wa tundu unatosha maneno mawili au matatu, na mimi nimekisia moja tu. Kisio langu nimeliweka kwenye maelezo ya chini.

Nilifurahi sana. Nikachapisha kurasa zangu mbili nikapanda basi la Tanga.

Bibi anasoma

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hebu nione hiyo karatasi yako."

Bibi hakusoma shule ya hati ya Kilatini sana, lakini chuoni alihitimu, na hati ya Kiarabu anaisoma bila shida. Nilimpa ukurasa wa picha. Akavaa miwani, akaweka kidole kwenye namba 1, akaanza kusoma kwa sauti, polepole. Mimi nilifuata na safu yangu ya asili. Mistari sita tukaenda pamoja. Wa saba akasoma: "na mkewe hawezi, akakupa fedha..."

Akanyamaza. Mimi pia nikanyamaza.

Akakupa. Kafu yenye dhuma, be yenye fataha. Nilikuwa nimehangaika na be, nikaisahau dhuma. Kama dhuma ni u na ni o, basi *akakopa* na *akakupa* kwenye karatasi hii ni kitu kimoja, haina tofauti hata ya nukta. Na huyo anayeambiwa "akakupa" ni mwenye kuandikiwa barua, yaani baba yake bibi. Ndugu hakukomba fedha. Ama alizikopa, ama alimpa babu yetu wenyewe.

"Bibi, mimi nimesoma akakopa," nikasema.

"Nawe umejuaje?"

Nikamwonyesha mstari wa 11: *nimelipa nusu ya deni*. Kama kuna deni, kuna aliyekopa. Bibi akatazama muda mrefu. "Deni lipo," akasema. "Lakini hakusema la nani. Huyu anayeandika naye ana mikono, anaweza kuwa alikopa mwenyewe."

Ni kweli. Kwa mwandishi huyu hakuna njia ya kutenganisha u na o kwa kutazama karatasi, kwani kote anatumia dhuma moja. Nilipitia safu yote tena jioni ile: *ndugu* na *limepotea*, dhuma ile ile. Ushahidi wa mimu ulikuwa wa maandishi, unaweza kuuhesabu. Ushahidi wa deni ni wa maana tu, nao unaegemea upande mmoja bila kuufunga mlango wa pili. Kwa hiyo *akakopa* imebaki kwenye jedwali na (?) yake, kushoto na kulia, na chini yake nimeandika maelezo ya mistari mitatu: kwamba komba haielekei na kwa nini; kwamba kupa inawezekana; kwamba nimechagua kopa kwa sababu ya mstari wa 11.

Yule jamaa aliyetafsiri mwanzo simlaumu. Alijua hati kuliko mimi, na karatasi ilikuwa nzima zaidi wakati wake. Lakini aliacha nyuma yake aya, na aya haina dirisha. Mtu aliyeisoma alikuwa na hiari mbili tu: kuiamini au kuikataa. Jedwali langu lina makosa pia, sina shaka, ila bibi aliweza kuniwekea kidole kwenye kosa moja bila kujua kusoma safu zangu, kwa sababu namba 7 ya picha na namba 7 ya jedwali ni mahali pamoja. Wajerumani walikuwa na mazoea haya zamani: mwaka 1892 C. G. Büttner alichapisha barua za Kiswahili zikiwa katika hati yake ya Kiarabu, pamoja na usomaji wa Kilatini na tafsiri. Msomaji wa leo anaweza kumbishia, kwa maana alimwachia kitu cha kubishia.

Siku niliyorudi chuoni, bibi aliniomba nakala mbili zaidi za zile kurasa. Moja, akasema, ni ya kwake, maana ile ya mwanzo aliyokuwa nayo ameitia kwenye sanduku. Ya pili aliikunja vizuri akaiweka kwenye bahasha, akamwambia mjomba aipeleke Kisauni, kwa wale ndugu wa upande wa pili.

"Uwaambie wasome mstari wa saba," akasema, "kisha waniambie wao wanasomaje."